Mjukuu wa Krzysztof Aitwe Nani?

Mpwa wangu ana miaka 14 na hana huruma. Nilimpa kurasa ishirini za hadithi ninayoiandika, ya watu waliohamia Mirihi na kukaa huko vizazi vitatu, akanirudishia jioni ile ile. "Mjomba," akasema, "huyu Zarktan, mama yake akitaka kumtuma dukani anamwitaje?" Nikamjibu kwamba anamwita Zarktan. Akacheka mpaka akashika ukuta.

Alikuwa na haki ya kucheka. Ukurasa wa pili wa hadithi unasema wazi kwamba walowezi wa kwanza walitoka Tanga, Tamil Nadu na Polandi. Hao ni watu wenye mama zao, wenye babu wanaotaka majina yao yarithiwe, na mashangazi wa kununa mtoto asipopewa jina la upande wao. Halafu mjukuu wao anaibuka na jina ambalo hakuna kinywa hata kimoja kati ya hivyo kingelizaa. (Najua neno "walowezi" lina harufu mbaya, hasa kwa msomaji wa Kenya. Nalitumia kwa sababu ndilo neno la watu wanaohamia mahali na kukaa moja kwa moja, na Mirihi, kwa tujuavyo, hakuna wa kunyang'anywa shamba.)

Kosa langu si geni katika bunilizi za kisayansi. Mwaka 1966 kipindi cha televisheni cha Marekani, Star Trek, kilimleta Luteni Uhura, mwanamke mweusi aliyekuwa afisa wa mawasiliano wa chombo cha angani. Jina lake lilitokana na neno letu, uhuru, nalo wakalilainisha mwishoni. Kwa zama zile lilikuwa jambo kubwa, silibezi. Lakini itazame hiyo a ya mwisho. Iliwekwa ili jina lisikike la kike, na sikio linaloisikia hivyo si la Mswahili. Kwetu Juma ni mwanamume, Musa ni mwanamume, na hakuna herufi inayomvalisha mtu kanga. Tena jina lenyewe tulikuwa nalo: Zuhura, la mwanamke na la sayari pia.

Mwaka huo huo Robert Heinlein alichapisha The Moon Is a Harsh Mistress, riwaya ya koloni la Mwezini, na msimulizi wake anaitwa Manuel Garcia O'Kelly Davis. Humo mna Kihispania na mna Kiayalandi, na hilo Davis ni la familia aliyooa ndani yake, maana Mwezini humo ndoa ni ya watu wengi na hupokezana vizazi. Kila kipande kina sababu iliyomo ndani ya hadithi. Nilipolisoma upya jina hilo nikaelewa nilipoteleza. Mimi nilikuwa natafuta jina lenye sauti ya mbali, badala ya kujiuliza limepita wapi mpaka likafika kwa huyu mtoto.

Nikaanza kutafuta mahali ambapo jambo hili limewahi kutokea kweli, duniani hapa hapa. Mfano ulio karibu zaidi na chombo cha angani ni kisiwa cha Pitcairn, katikati ya Bahari ya Pasifiki. Mwaka 1790 mabaharia tisa wa Kiingereza, walioasi nahodha wao kwenye meli Bounty, walifika hapo pamoja na Watahiti, wanaume sita na wanawake kumi na kitu. Wakaichoma meli. Hapakuwa na kurudi, wala karani, wala padri. Mtoto wa kwanza kuzaliwa alikuwa wa Fletcher Christian, kiongozi wa waasi, na mama Mtahiti, Mauatua. Wakamwita Thursday October Christian, yaani Alhamisi Oktoba.

Mswahili hashangai. Tuna kina Hamisi na Mwanahamisi, kina Juma na Mwanajuma. Ila liangalie jina hilo kwa makini, kwa kuwa linatuambia nani alikuwa na usemi kisiwani. Mama ni Mtahiti, na kinamama Watahiti walikuwa wengi kuliko mabaharia, lakini jina lote ni la Kiingereza, na wadogo zake waliitwa Charles na Mary Ann. Kitahiti kiliingia jikoni na shambani, kwenye lugha iliyozaliwa pale, ambayo ni mchanganyiko wa Kiingereza na Kitahiti. Kwenye majina ya watoto hakikupewa nafasi. Ukihesabu vichwa tu, ungebuni kisiwa cha majina ya Kitahiti, na ungekosea.

Kisa hicho kina mkia wake. Mwaka 1814 mabaharia wengine wa Kiingereza walipofika hapo, walimwandika kijana yule Friday October, Ijumaa Oktoba. Inaelezwa kwamba hesabu ya siku kisiwani ilikuwa imepishana na ya wageni kwa siku moja. Hapo ndipo nilipoiacha kalamu na kuchukua kikokotoo. Siku ya Mirihi ni saa 24, dakika 39 na sekunde 35. Kila siku huko inapitiliza ya Dunia kwa karibu dakika 40, na dakika hizo zikilimbikizana siku 36 au 37, Dunia inakuwa imekutangulia siku nzima. Kwa hiyo mtoto anayezaliwa Alhamisi ya Mirihi, bibi yake aliyebaki Tanga anaweza kupokea habari kwamba amezaliwa Jumapili. Je, ni Hamisi au si Hamisi? Ugomvi huo peke yake ni sura nzima ya kitabu.

Jambo la pili la Pitcairn ni uchache wa koo. Watu wachache wakizaana mahali pamoja, vizazi viwili vitatu baadaye kila mtu ni Christian, Young, Quintal au Adams. Mwaka 1856 wote walihamishiwa kisiwa cha Norfolk, na huko vizazi vyao vimeyatumia mno majina ya utani, hata kitabu cha simu cha kisiwa kikayaorodhesha, kwa sababu bila utani humpati unayemtafuta. Mwandishi wa makazi ya watu wachache akisahau utani, amesahau jina linalotumika kweli.

Pitcairn hapakuwa na karani. Mauritius alikuwepo, na alifanya kazi kubwa. Kati ya mwaka 1834 na 1920 karibu watu nusu milioni kutoka India walishushwa Port Louis kwa mikataba ya kazi za miwa, na baadhi yao wakapelekwa mbele, hata Afrika Mashariki. Kila mtu alitakiwa kuandikwa. Mtu wa kijijini Bihar alikuwa na jina lake moja, pengine na la baba yake, na daftari lilitaka jina na ukoo. Basi jina la baba likawa ukoo wa milele. Mwandikaji alisikia Kibhojpuri akakiandika kwa tahajia ya Kiingereza au Kifaransa, na mpaka leo jina la waziri mkuu wa kwanza wa nchi huru ni Seewoosagur Ramgoolam. Kule India pengine ungeliona limeandikwa Shivsagar Ramgulam. Zile o mbili mbili ni alama ya kalamu ya mtu, na zimeganda hapo kama nyayo kwenye saruji mbichi.

Wachina wa kisiwa hicho walipata yao. Noti ya rupia 25 ya Mauritius ina picha ya Moilin Jean Ah-Chuen, mfanyabiashara na mwanasiasa. Ah si ukoo wa Kichina. Ni kitamko cha kumwita mtu kwa mazoea, kinachotangulia jina lake, jinsi rafiki anavyomwita rafiki. Kimeingia kwenye maandishi kikaganda na kuwa sehemu ya ukoo, kisha katikati pakaketi Jean ya Kifaransa. Mtu mmoja amebeba kisiwa kizima kwenye noti.

Sihitaji hata kwenda Mauritius. Babu yangu alikuwa Athumani. Ofisi moja ikamwandikia mwanawe mkubwa Asmani, na miaka sita baadaye ikamwandikia mdogo Othman. Siku ya mirathi ndugu hawa wa tumbo moja walitakiwa kuleta mashahidi kwamba wanafahamiana.

Kwa hiyo jina la mlowezi lina milango miwili ya kupitia, kinywa na kalamu, na kila mlango unalikwaruza kwa namna yake. Chukua jina moja, la yule mvuvi aliyekuwa mwanafunzi wa Yesu. Sisi tunasema Petro. Kwenye Biblia ya Kitamil ni Pethuru. Mpolandi anasema Piotr, kwa pumzi moja. Kitamil hakipendi t na r zigusane, kikachomeka u katikati na nyingine mwishoni. Kiswahili kinavumilia tr, ila neno likiishia na konsonanti kinaona kama mlango umeachwa wazi, kinaufunga kwa irabu. Kipolandi hakijali lolote kati ya hayo. Ukishayajua haya matatu, huna haja ya kubuni sauti za ajabu. Mpe Mtamil jina la Mpolandi alitamke, kisha mpe Mtanga, utapata jina jipya ambalo hakuna aliyelikusudia.

Nilianza na fundi wa pampu, Krzysztof Nowicki. Ukiliona jina hilo kwenye karatasi unatamani kukimbia, lakini rz na sz kila moja ni sauti moja tu iliyo jirani na sh yetu, na jina zima ni silabi mbili: Kshishtof. Wapolandi wapatao 5,000 waliishi Tengeru, karibu na Arusha, kama wakimbizi wakati wa Vita Kuu ya Pili, na makaburi yao yapo hadi leo. Nikijaribu kufikiria jirani wa Kimeru akiwaita, sioni akihangaika na Kshishtof kutwa nzima. Wapolandi wenyewe nyumbani humwita Krzyś, na hilo likipita kinywa cha Mtanga linatoka Kishi. Hapo nilisimama nikalitamka mara kumi. Kishi ni jina. Unaweza kuliita toka ng'ambo ya uwanja, unaweza kulinong'ona, na mama mwenye hasira anaweza kulikata vipande viwili.

Nowicki ilinisumbua zaidi. Wenyewe wanatamka Novitski, maana w yao ni v na c yao ni ts. Likisafiri kwa sikio litafika kwetu Novitiski, na likisafiri kwa jicho litafika Nowiki. Nilihitaji kuamua. Kwenye makazi yangu watu huvaa mavazi ya hewa yenye kofia za kufunika uso, humwoni mwenzako anavyofanana, unasoma kibao kifuani. Basi ukoo huu ulijulikana kwa kusomwa, na ni Nowiki. Familia nyingine ya Kipolandi, iliyofanya kazi ya redio ndani ya kituo, nimeipa jina lililopita kwa sikio. Msomaji hataambiwa, lakini akikuta koo mbili za asili moja zenye sura tofauti ataamini kwamba mahali hapa pana historia.

Kuna mtego hapo ambao Mswahili anaweza kuukosa. Mke wa Nowicki ni Nowicka, na binti yao pia. Kompyuta ya usajili inayotaka ukoo mmoja kwa kaya moja itawaona kama watu wawili tofauti, na mwenye kuiendesha, asiyejua Kipolandi, atawaandika wote kwa mwisho wa baba. Kizazi cha pili tayari Nowicka imekufa. Mwandishi akimwandika mjukuu wa kike kwa mwisho wa a miaka sitini baadaye, aeleze ni nani aliyepigania herufi hiyo.

Upande wa pili yupo K. Selvam, mtu wa bustani. Watamil wengi hawana ukoo kama wa Wazungu. Herufi inayotangulia ni ya jina la baba, na mtoto wa Selvam atatanguliza S. Ni utaratibu mzuri, na hakuna kompyuta ya kigeni inayouelewa. Ikidai majina mawili, ataandikwa kwa jina la kwanza "K". Wenzake wakimwita kama kibao kinavyosomeka, atakuwa Kei Selvamu, na watoto wake wanaweza kujikuta ni kina Keiselvamu, kwa njia ile ile iliyompitisha Ah-Chuen. Nilifurahi sana nilipofika hapo, halafu nikajizuia. Tayari nina Kishi, na Kei ni jirani yake mno. Wahusika wawili wakuu wakianza kwa herufi moja, tena kwa majina mafupi, msomaji atawachanganya kufika ukurasa wa thelathini. Nikaiacha Keiselvamu kwenye daftari la usajili tu, na mtaani nikamwacha awe Mzee Selvamu.

Sasa mjukuu. Lazima kwanza nijue lugha ya kazi ni ipi, maana ndiyo itakayoamua kinywa kinachoshinda. Kati ya watu 300 wa safari ya kwanza nimewafanya Watanga na jamaa zao kuwa 140, Watamil 100 na Wapolandi 60, lakini Pitcairn imenifundisha nisitegemee hesabu hiyo. Kiswahili kimeshinda kwa sababu mafundi wa hewa ni Waswahili, na mtu asiyemwelewa fundi wa hewa hafiki jioni. Kwa hiyo mpangilio wa majina ni wetu: jina lako, la baba, la babu. Wapolandi wamekuta ukoo wao unasukumwa nje taratibu. Hakuna aliyeupiga marufuku, ni kwamba hakuna anayeuuliza.

Krzysztof alioa Mwanahamisi wa Tanga. Ndoa hiyo ilizua maneno ya dini pande zote mbili, nayo ni hadithi nyingine, ila kaa ukijua kwamba majina ya dini ndiyo yanayong'ang'ania zaidi na ndiyo yanayogombewa. Mtoto alizaliwa Alhamisi ya kituo, ile niliyoisema. Bibi wa Tanga akapinga kwa barua ya sauti, kituo kikashikilia kalenda yake, mtoto akawa Hamisi Kishi. Hilo Nowiki limebaki kwenye kompyuta.

Hamisi akamwoa Valli, binti wa Mzee Selvamu. Hapa nilipata bahati. Kwa Watamil, kama kwa Waswahili wengi, mtoto wa kiume hupewa jina la babu, hata neno lao la mjukuu, peran, lina uhusiano na neno lao la jina. Desturi mbili zilizotoka mbali zikikubaliana, zinakuwa na nguvu kuliko moja peke yake. Kwa hiyo mjukuu ni Selvamu Hamisi Kishi. Kitamil kikiwa kimefungwa irabu ya Kiswahili, siku ya juma iliyogombewa, na jina la utani la fundi wa pampu lililogeuka kuwa babu. Mwanzoni mwa sura ya kwanza nilikuwa nimemwita Zarktan.

Dada yake nilitaka kumpa jina la upande wa Polandi, kwa sababu hakuna familia ambayo bibi mmoja hupata vyote na mwingine akakosa kabisa. Mama yake Krzysztof, aliyebaki Duniani, alikuwa Małgorzata, na Wapolandi huyafupisha majina kwa ukatili wa kupendeza: Małgorzata nyumbani ni Gosia. Mtanga atasema Gosha. Kabla ya kulikubali nililipitisha kwa wasemaji wa lugha zote ninazowafahamu, maana jina safi upande mmoja linaweza kuwa aibu upande wa pili. Kuna jina zuri la Kijapani lenye maana ya dubu ambalo sitaliandika hapa, na msomaji wa pwani anajua kwa nini.

Kilichobaki kilikuwa kuwaacha watu wayatumie majina hayo kama watu. Valli, baada ya kuzaa, haitwi tena Valli na yeyote isipokuwa mumewe na baba yake. Ni Mama Selvamu, na jina lake linapotea katika sura nne mfululizo kama yalivyopotea majina ya shangazi zetu wengi. Watoto waliozaliwa wakati wa tufani wameitwa Vumbi na Mwanavumbi, kwa njia ile ile tuliyowapata kina Shida na kina Tabu. Vumbi la Mirihi si mzaha. Mwaka 2018 lilitanda sayari nzima, na roboti Opportunity, iliyokuwa ikitegemea jua, ikanyamaza isiamke tena. Watu waliokaa gizani majuma kadhaa wakihesabu betri hawatamwita mtoto jina la nyota.

Nilimpelekea mpwa wangu kurasa mpya. Alisoma kimya, safari hii kwa siku mbili, kisha akaniuliza kwa nini Wapolandi wanakubali kirahisi hivyo kuachia ukoo wao, mbona yeye asingekubali. Sikuwa na jibu, na sasa yupo mzee wa Kipolandi kwenye sura ya tano anayekataa kuitika mpaka asomewe jina lake lote, na wote wanaomwita wanalikosea.

Zarktan sikumtupa. Ni jina la pampu namba mbili, lililobandikwa na kijana mmoja aliyekuwa akitazama katuni za kale. Pampu hiyo huharibika kila wiki, na mafundi wa Tanga wakiigonga kwa spana huiita Zarikitani.